Kwa Namna Moja ama Nyingine

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya serikali, alishinda tuzo ya mswada wa riwaya. Simu ya ushindi ilimfikia akiwa darasani. Ya pili, siku mbili baadaye, ilikuwa ya waandaaji: kila mshindi atapewa dakika moja ya neno la shukrani, na dakika hiyo italindwa, maana mgeni rasmi ana safari jioni ileile. Jioni hiyo Mwalimu alinijia na karatasi tatu zilizoandikwa mbele na nyuma.

"Ndugu yangu," aliniambia, "nisaidie kupunguza. Lakini asiachwe mtu."

Kazi yangu ni uhariri, na maombi ya aina hiyo nimeyazoea. Nilimwambia asome kwa sauti, amesimama, nami nikawasha saa ya simu. Alitumia dakika 4 na sekunde 50. Baadaye nilipohesabu maneno nilipata 436. Yaani Mwalimu husema maneno 90 kwa dakika anapokuwa ametulia, na huo ndio mwendo wa wengi wetu tunapozungumza na ukumbi uliojaa watu. Miongozo ya hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza hutaja maneno 130 hadi 150 kwa dakika, na wapo wanaoichukua hesabu hiyo kama ilivyo, kisha wakashangaa muziki unapigwa wakiwa hawajafika nusu. Neno letu lina mzigo. "Akanisimulia" ni neno moja, lakini ndani yake yumo aliyesimulia, yumo aliyesimuliwa, na umo wakati. Ukitaka dakika moja ya Kiswahili, andika maneno 80. Kumi yanayobaki ni ya makofi, ya kumeza mate, na ya kurekebisha kipaza sauti ambacho aliyekutangulia alikuwa mrefu kuliko wewe.

Kwa hiyo kati ya kila maneno matano na nusu ya Mwalimu, libaki moja. Kupunguza kwa kufuta kivumishi hapa na kiunganishi pale hakukufikishi huko. Ni lazima kuamua ni nani anabaki.

Kabla ya watu, yapo maneno ambayo hayamshukuru yeyote. Hotuba ya Mwalimu ilianza kwa salamu za dini mbili, ikafuata orodha ya vyeo kutoka kwa mgeni rasmi hadi kwa viongozi wa mtaa, kisha "mabibi na mabwana". Maneno 74 yalikuwa yamekwisha kabla hajasema chochote. Baada yake ikaja ile sentensi tunayoijua sote hata usingizini: "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, kwa kutujalia uzima na afya njema hata tukaweza kukutana siku hii ya leo." Ihesabu. Ni maneno 26, zaidi ya robo ya dakika. Sisemi Mungu aachwe. Mwalimu ni mcha Mungu na asingekubali, wala ukumbi usingemwelewa. Lakini "Namshukuru Mungu" ni maneno mawili, na sidhani kama Mwenyezi Mungu huhesabu silabi.

Kuhusu vyeo, bahati nzuri tunayo njia ya mkato: "itifaki imezingatiwa." Maneno mawili yanabeba safu nzima ya viti vya mbele. Mtaje mgeni rasmi peke yake kwa cheo chake, kisha useme hivyo. Wapo wakubwa wanaoona bado wamepunjwa, ni kweli, lakini kwa kawaida mshereheshaji ameshawataja mara tatu kabla zamu yako haijafika. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la msemaji anayesema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuizingatia upya, cheo kimoja baada ya kingine.

Hapo tulikuwa tumefuta maneno 90 na zaidi, na Mwalimu alikuwa na furaha. Nikamwambia hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Marekani, ambako hotuba za shukrani zimekuwa mchezo wa kutazamwa na dunia nzima, ugomvi huu una miaka mingi. Mwaka 1943 mwigizaji Greer Garson alipokea Oscar kwa filamu ya Mrs. Miniver akazungumza karibu dakika tano na nusu, na kwa miongo mingi jina lake likawa mfano wa kutaniwa. Siku hizi mshindi wa Oscar hupewa sekunde 45, kisha okestra huanza kupiga. Hata hivyo Machi 2025 Adrien Brody alizungumza dakika 5 na sekunde 40, akaivunja rekodi ya Garson, na muziki ulipoanza aliomba uzimwe kwa maelezo kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Septemba mwaka huohuo, katika tuzo za Emmy, mshereheshaji Nate Bargatze alijaribu njia ya aibu. Aliahidi dola 100,000 kwa klabu za watoto, akasema kila sekunde inayozidi 45 itapunguza dola 1,000. Hesabu ilionekana kwenye skrini. Washindi walizungumza mpaka ikashuka chini ya sifuri. Watoto hawakudhurika, maana mwisho alitoa zaidi ya alichoahidi, lakini jaribio lilionyesha kwamba mtu aliyeshika tuzo hasikii kengele.

Wengine hudhani dawa ni ufupi tu. Joe Pesci aliposhinda Oscar mwaka 1991 alisema kwamba ni heshima kwake, akashukuru, akashuka. Alfred Hitchcock, alipopewa tuzo ya heshima mwaka 1968, hakuzidi hapo sana. Watu hupenda kuwataja hao kama walimu wa kusema kwa kifupi. Mimi nina shaka. Hakuna aliyetoka ukumbini usiku ule akijua ni nani aliyemfaa Pesci. Hotuba ya namna hiyo imeokoa muda lakini kazi yenyewe haikuifanya.

Na urefu nao haumlindi mtu. Machi 2000 Hilary Swank alishinda Oscar kwa filamu ya Boys Don't Cry. Alishukuru watu wengi, mmoja baada ya mwingine, wakati mumewe Chad Lowe amekaa kitini macho yamejaa machozi. Mume hakutajwa. Mwaka uliofuata Julia Roberts alishinda kwa kuigiza maisha ya mwanamke aliye hai, Erin Brockovich, katika filamu yenye jina la mwanamke huyo. Alizungumza kwa muda mrefu, akacheka, akamtania kiongozi wa okestra. Jina la Erin Brockovich halikutoka kinywani mwake.

Mifano hii miwili ndiyo niliyompa Mwalimu, maana inaonyesha jinsi watu wanavyosahauliwa. Wa mbali hawasahauliki. Wa mbali umewaandika kwenye karatasi kwa sababu uliogopa kuwasahau. Anayesahauliwa ni yule uliye naye kila siku, ambaye hukufikiri kwamba anahitaji kuandikwa, au yule ambaye kazi nzima ilisimama juu yake kiasi kwamba humwoni tena. Na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo anavyozidi kufunikwa, kwa sababu kichwa kinafuata majina na si watu. Swank alijifunza. Aliposhinda mara ya pili mwaka 2005 alianza na mumewe, akasema wazi kwamba anataka kuamini amejifunza kutokana na kosa.

Basi nikamuuliza Mwalimu swali moja, nikamwomba alijibu kwa kila jina lililomo kwenye karatasi zile: huyu angekosekana, kitabu kingekuwaje?

Tulianza na mwalimu wake wa darasa la nne, aliyepewa maneno 67, mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Aya ilikuwa nzuri: viboko, chaki, insha ya kwanza iliyosomwa mbele ya darasa. Nikauliza swali langu. Mwalimu alifikiri, akakiri kwamba kitabu kingekuwa kilekile. Mzee huyo alimpenda, naye anampenda, lakini walikuwa hawajazungumza kwa miaka kumi na moja. Aya ile ilikuwa ni deni la simu, na simu haihitaji jukwaa. Alimpigia usiku uleule, wakaongea nusu saa.

Wakaja walimu wenzake. Alikuwa ameandika majina manane. Nikauliza shule ina walimu wangapi. Ishirini na sita. Hapo kuna hesabu ambayo watu hawaipigi: ukitaja wanane umewafurahisha wanane na umewaeleza kumi na wanane kwamba hawamo. Katika kundi, ama wataje wote, ama usimtaje mmoja mmoja. "Walimu wenzangu" ni maneno mawili na hayamwachi mtu nje. Hali ni hiyohiyo kwa watoto wako, kwa majaji, na kwa wanakwaya wenzako. Jina la mtu mmoja likitolewa kundini, ni lazima liwe na sababu ambayo kundi zima linaijua.

Wadhamini walikuwa na sentensi ndefu yenye sifa nyingi. Hawa nilimtaka aulize kwanza. Wapo waandaaji wanaotaka jina la mdhamini litamkwe na mshindi, na kama ndivyo, ni sharti, halina mjadala. Alipiga simu. Akaambiwa majina ya wadhamini yameandikwa kwenye kitambaa kikubwa kitakachokuwa nyuma yake wakati anazungumza, na mshereheshaji ndiye atakayewataja. Maneno 30 yakaanguka kwa simu ya dakika mbili.

Tukafika kwa mke. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba amemvumilia, amekuwa nguzo, na amekuwa bega kwa bega naye katika shida na raha. Nikasema sentensi hiyo ningeweza kumpa mume yeyote nchini aisome na isingekuwa na kasoro. Alifanya nini, hasa? Akacheka kidogo. Akasema kila sura aliyoimaliza, mkewe aliisoma usiku baada ya watoto kulala, na kwamba sura ya tatu alimrudishia akamwambia aitupe, haina uhai. Alinuna siku mbili. Kisha akaitupa, na riwaya ikaanza kutembea. Sasa hilo ni jambo. Mtu mwingine hana mke aliyesema vile kuhusu sura ile. Unapokuwa na dakika moja, kila jina lije na tendo lake, na tendo lenyewe liwe dogo na la kweli. Sifa kubwa kubwa hazina uzito kwa sababu kila mtu anazo.

Lakini nililokuwa nikilitafuta lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa sita, katika maneno ambayo Mwalimu hakuwa hata anayafikiria alipoyaandika: "pamoja na wazee walionipa simulizi, na wote walionisaidia kwa namna moja ama nyingine."

Nikamuuliza, wazee gani? Na namna ipi moja, na ipi nyingine?

Akanyamaza. Riwaya yake inahusu wanawake wanaovuna chumvi pwani ya kusini. Wazee aliowasema walikuwa hasa bibi mmoja, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi miaka thelathini, ambaye alimkaribisha barazani kwake jioni nne mfululizo akamweleza jinsi maji ya bahari yanavyofungiwa, jinsi jua linavyoyala, jinsi nyayo zinavyopasuka, na ni nani aliyelipwa na ni nani aliyedhulumiwa. Hakuomba hata senti. Zaidi ya nusu ya kitabu imetoka kinywani mwake. Naye kwenye hotuba alikuwa ameyeyushwa ndani ya "wazee".

Na "kwa namna moja ama nyingine"? Huko ndani, baada ya kumbana, alitoka kijana wa steshenari. Mwalimu aliandika kwa mkono, kijana akamchapia. Mswada ulikaa kwenye flashi moja tu. Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho flashi ile ilikufa, ikawa haifunguki kwenye kompyuta yoyote. Mwalimu alikwenda dukani akiwa amekata tamaa, na kijana akamwambia asiwe na wasiwasi, amezoea kubakiza nakala ya kazi za wateja wake kwa sababu anajua flashi zinavyowatenda. Alimchapia nakala mpya papo hapo akamtoza bei ya karatasi tu.

"Bila yeye," nilimuuliza, "kitabu kingekuwaje?"

"Kisingekuwepo."

Mtu ambaye bila yeye kitabu kisingekuwepo hakuwa hata na jina katika maneno 436, wakati mkuu wa wilaya ambaye hajawahi kukisikia alitajwa mara mbili. Sisemi hayo kumcheka rafiki yangu. Nimeshahariri hotuba nyingi za aina hii, za mahafali, za kustaafu, za vikombe vya mpira, na karibu kila mara mtu anayestahili zaidi amejificha kwenye maneno hayo manne: namna moja ama nyingine. Tunayaweka ili tusimkosee mtu, na ndimo tunamowafungia tuliowakosea.

Katika hili nampa heshima Lupita Nyong'o. Alipopokea Oscar yake Machi 2014, kwa filamu ya 12 Years a Slave, mara tu baada ya kuwashukuru watoa tuzo alimwendea Patsey, mwanamke mtumwa aliyemwigiza, ambaye aliishi kweli katika karne ya 19. Alisema wazi kwamba furaha yake imetokana na maumivu ya mwingine. Kisha akamshukuru Solomon Northup, aliyeandika habari za mwanamke huyo. Na katikati ya mastaa wa filamu alimtaja Joe Walker, mhariri wa picha, akamwita mwigizaji asiyeonekana. Hakumaliza ndani ya sekunde 45, na sidhani kama kuna aliyemlaumu. Lakini mpangilio wake ni wa kuigwa: mwenye kisa, aliyekihifadhi kisa, na mtu wa chumba cha nyuma. Mwalimu alikuwa nao wote watatu. Bibi wa chumvi, kijana wa steshenari, na mke wa usiku wa manane.

Waliobaki hawakutupwa. Waandaaji wa Oscar wenyewe waliliona tatizo hili, na mwaka 2016 wakaanza kuwaomba walioteuliwa wapeleke mapema majina ya watu wa kushukuriwa, yapite chini ya skrini wakati mshindi anazungumza, ili kinywa kibaki huru kusema jambo. Sisi hatuna skrini, lakini tuna ukurasa wa shukrani ndani ya kitabu, tuna simu, na tuna mlango wa ukumbi ambapo watu hupeana mikono kwa saa nzima baada ya sherehe. Mwalimu aliandika orodha ya watu kumi na watano. Tisa aliwapigia kabla ya siku yenyewe na kuwaambia wazi: nimepewa dakika moja, sitakutaja, lakini ulifanya hili na lile nami sijasahau. Sijui kama yupo aliyekasirika kwa kupokea simu kama hiyo. Mtu akijua mapema hachukii. Anayeumia ni yule aliyekaa kitini akisubiri jina lake mpaka makofi ya mwisho.

Mama yake ndiye aliyetupa shida. Huwezi kusimama mbele ya watu, mama yako amekaa safu ya tatu kwa khanga mpya, ukamwachia mlangoni. Wala tendo moja la mama halichaguliki, utachagua lipi? Mwalimu alimsomea hotuba nyumbani, na mama mwenyewe akasema asimpambe, atalia na kujiaibisha. Hapo ndipo lilipopatikana neno ambalo nalionea wivu mpaka leo, maana halikutoka kwangu. "Nitamwamkia tu," alisema Mwalimu.

Hotuba ikatoka hivi. Majina ya watu nimeyaficha, palipo na jina nimeweka Fulani:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Namshukuru Mungu, kisha majaji na waandaaji wa tuzo hii.

Riwaya hii ni ya Bibi Fulani, aliyevuna chumvi miaka thelathini, akanisimulia jioni nne mfululizo bila kuniomba hata senti. Bibi, tuzo ni yako.

Mke wangu alisoma kila sura usiku, akaniambia ya tatu niitupe. Nilinuna siku mbili, kisha nikaitupa. Alisema kweli.

Flashi yangu ilipoharibika, Fulani, kijana wa steshenari, alikuwa amebaki na nakala. Bila yeye leo ningekuwa nyumbani nasahihisha madaftari.

Mama, shikamoo. Mhariri wangu, walimu wenzangu, tutaonana mlangoni. Ahsanteni."

Maneno 80. Tazama alipokaa kila mtu. Tumezoea kumweka mpendwa mwishoni, tukisema mwisho kwa kutajwa lakini si kwa umuhimu, na mwisho ndipo muziki unapopigwa na kipaza sauti kinapozimwa. Asiyeweza kukosekana anatakiwa awe ametajwa ifikapo sekunde ya 20. Ndiyo maana bibi alitangulia. Kama Mwalimu angekatwa baada ya kijana wa steshenari, hasara ingekuwa ni salamu ya mama, na hiyo hata akiisema bila kipaza sauti ingefika.

Alijizoeza mara sita, na hapo yalitokea mambo mawili ya kuangalia. Mara ya kwanza alimaliza kwa sekunde 41, akashangilia, akataka kurudisha mwalimu wa darasa la nne. Nilimkataza. Alikuwa anakimbia, na ukumbi hausikii mtu anayekimbia. Dalili ni kwamba huwezi kusikia nukta: ikiwa baada ya "tuzo ni yako" hakuna pumzi, hotuba haijawa tayari. Nilimtaka ahesabu moja, mbili, kimya, kabla ya kuingia kwa mke. La pili ni kwamba kila alipojisikia vizuri, aliongeza kineno. "Kwa kweli." "Kama mnavyojua." "Naomba niseme tu kwamba." Kwenye jaribio la nne nilihesabu maneno 19 ambayo hayakuwa kwenye karatasi, na saa ikasoma dakika moja na sekunde 8. Ubongo ukiona nafasi unaijaza kwa kamba. Dawa ilikuwa ni kuandika hotuba kwenye kadi moja ndogo kwa herufi kubwa, na kuisoma, si kuikariri. Watu wanadhani kusoma ni udhaifu. Kwa dakika moja, mbele ya watu mia tatu, ukiwa umeshika kikombe kwa mkono mmoja, kadi ndiyo inayokushikilia.

Ushauri mwingine nilioutoa ulikuwa mbaya. Nilimwambia atoe kile kicheko cha "nilinuna siku mbili", nikaona ni anasa ya maneno matatu. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema kikitoka hicho atakuwa anasifiwa kama marehemu. Kikabaki, na alisema kweli tena.

Siku ya tuzo Mwalimu alizungumza dakika moja na sekunde 7. Sekunde za ziada hazikuwa zake. Alipomwita bibi wa chumvi, ukumbi ulipiga makofi kuliko tulivyokadiria, na wengine waligeuka kumtafuta. Bibi hakuwepo, ni mzee, safari ni ndefu. Alipofika kwa "Mama, shikamoo", mama aliitika "Marahaba, baba" kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma, watu wakaangua kicheko, na mpiga muziki, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitufe, akautoa.

Kijana wa steshenari naye hakuwepo, alikuwa dukani. Alirushiwa video ya sekunde kumi na mbili, sehemu yake peke yake, na wateja waliokuwa kwenye foleni waliiona kabla yake kwa sababu alikuwa anatoa nakala za vyeti. Kitabu kilipochapishwa, ukurasa wa shukrani ulikuwa na majina yote yaliyobaki, mwalimu wa darasa la nne akiwa wa kwanza. Mwalimu mwenyewe alikipeleka kijijini kwa bibi, nakala mbili, moja ya kusomewa na moja ya kuweka.

Mkuu wa shule hakumsalimia kwa wiki nzima. Alikuwa mmoja wa wale sita ambao hakuwahi kuwapigia simu.